Kidonda kimoja, majina matano: jinsi ya kutafuta tafiti za uuguzi bila kuziacha njiani

Mapitio yangu ya kwanza ya machapisho niliyamaliza na sentensi moja ambayo niliiamini kabisa. Niliandika kwamba tafiti za karibuni kuhusu kuwageuza wagonjwa kitandani ili wasipate vidonda vya mgandamizo hazipo. Siku ya kutetea kazi, mmoja wa walionisikiliza alifungua mkoba, akatoa makala nne, akazipanga mezani moja moja bila kusema kitu, na zote zilikuwa za miaka ileile niliyosema haina kitu. Nilizisoma vichwa pale pale nimesimama na nikaliona tatizo kabla hajaniambia, kwamba zote nne ziliandika `pressure injury` na mimi nilitafuta `pressure ulcer` peke yake. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimesoma sana, miezi mitatu nasoma, ila nilisoma vile tu vilivyoingia kwenye wavu wangu.

Basi mwezi uliopita mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa nne, alinifuata Jumamosi mchana pale Upanga nikitoka zamu. Alikuja na laptopu na bando la kuungaunga na mada yake ikawa hiyo hiyo, kugeuza wagonjwa. Tukakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini na nikamwambia dada, kabla hujanieleza chochote nionyeshe ulichoandika kwenye PubMed. Alikuwa ameandika hivi:

```
effect of two hourly turning of patients by nurses on prevention of bed sores in adult patients in Tanzania
```

Akaniambia "dada, hakuna kitu, nimebadilisha badilisha mpaka nimechoka, nafikiri nibadili mada." Nikamwambia mada usiguse.

Alichofanya ni kile wengi wetu tunafanya, kuiandikia kanzidata kama unavyomwandikia mtu. PubMed haisomi sentensi. Inavitupa vile vineno vidogo kama `of` na `by`, halafu maneno yote yaliyobaki inayaunganisha kwa AND, maana yake inatafuta makala moja yenye yote kwa pamoja, athari na saa mbili na kugeuza na wagonjwa na wauguzi na kuzuia na vidonda na watu wazima na Tanzania. Kila neno unaloongeza ni sharti jipya, kwa hiyo ukieleza vizuri zaidi unapata kidogo zaidi. Makala nzuri kabisa ya kugeuza wagonjwa ambayo mwandishi wake hakuandika neno `nurses` kwenye muhtasari imeshatoka hapo.

Maneno ya kuunganisha ni matatu na yanatokana na hesabu za mantiki za George Boole, Mwingereza wa karne ya 19. AND inataka vyote viwepo. OR inataka hata kimoja tu. NOT inakitoa chochote chenye neno lile. Kwenye PubMed unayaandika kwa herufi kubwa, ukiandika `or` ndogo inachukuliwa kama kineno tu na mstari wako unabadilika maana bila wewe kuambiwa. Hayo kila mwanafunzi ameshafundishwa darasani. Kinachotupoteza ni kwamba tunaogopa matokeo mengi, kwa hiyo tunarundika AND, wakati hasara yenyewe iko kwenye OR ambazo hatukuziandika.

Nikamwomba daftari, tukachora swali lake. Kwa wagonjwa wazima wanaolala muda mrefu wodini, je kuwageuza kwa ratiba kunapunguza vidonda vya mgandamizo? Ukiligawa kwa ule mpangilio wa PICO unapata wagonjwa, kitendo, cha kulinganisha nacho, na matokeo. Sasa hapa ndo watu wanateleza, wanadhani kila herufi ya PICO lazima iingie kwenye utafutaji. Hapana, PICO ni ya kulielewa swali. Kwenye kutafuta unachukua yale mawili, au matatu ukizidi sana, ambayo mwandishi wa makala hawezi kuyakwepa kuyataja. Mtu aliyeandika kuhusu kugeuza wagonjwa hawezi kukwepa kutaja kugeuza, na hawezi kukwepa kutaja kidonda. Ila anaweza kabisa asiseme `adult`, asiseme `nurse`, asiseme `immobile`, kwa sababu kwake ni vitu vinavyojulikana. Kwa hiyo tulibaki na makundi mawili tu, kidonda na kugeuza, vingine vyote tutaviangalia kwa macho yetu wakati wa kusoma vichwa na mihtasari.

Kundi la kwanza, kidonda. Nikamwuliza kinaitwaje, akasema `bed sore`. Sawa, ndivyo tunavyosema wodini. Vitabu vingi vitasema `pressure ulcer`, vya zamani kidogo `pressure sore`, madaktari na makala nyingi za kutoka nje zitasema `decubitus ulcer`. Halafu Aprili 2016 lile shirika la Marekani linaloshughulika na vidonda hivi, wakati huo likiitwa NPUAP, lilitangaza kwamba jina sasa liwe `pressure injury`, kwa sababu hatua ya kwanza ngozi haijachanika, imekuwa nyekundu tu, huwezi kuiita kidonda. Baadaye hata jina lao wenyewe wakalibadili likawa NPIAP. Ila wenzao wa Ulaya wameendelea na `pressure ulcer`. Ndo maana leo kuna majina mawili makubwa yanaenda sambamba, na ukitaka kuliona kwa macho fungua Cochrane uangalie mapitio yao kuhusu kugeuza wagonjwa: toleo la 2014 kichwa kinasema ulcer, toleo la 2020 la mapitio yaleyale kinasema injury. Mimi nilikosa makala nne kwa sababu hiyo, na nina uhakika sikuzikosa hizo nne tu.

Kundi lote likawa hivi:

```
"Pressure Ulcer"[Mesh] OR "pressure ulcer*"[tiab] OR "pressure injur*"[tiab] OR "pressure sore*"[tiab] OR bedsore*[tiab] OR "bed sore*"[tiab] OR "decubitus ulcer*"[tiab]
```

Ile `[Mesh]` ni lebo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, wenye PubMed, wana orodha yao ya istilahi inayoitwa MeSH na makala zinabandikwa lebo kutoka humo, kwa hiyo makala iliyosema `bedsore` na iliyosema `decubitus` zote zinapewa lebo moja. Ni nzuri sana, na kuna walimu wanawaambia wanafunzi watumie MeSH peke yake. Hapo sikubaliani nao kabisa, na sababu inatugusa sisi huku. Sio kila kilichomo PubMed kina lebo. Kuna majarida yanaingia PubMed kupitia PubMed Central tu, hayamo kwenye ile orodha iliyochujwa ya MEDLINE, na makala zake hazibandikwi MeSH. Majarida ya Afrika yako mengi kwenye fungu hilo. Kwa hiyo ukitafuta kwa lebo peke yake unajikuta unaacha hasa zile za kwetu. Ile `[tiab]` ndo inaziokoa, inaangalia kichwa, muhtasari na maneno muhimu ya mwandishi. Unaweka vyote viwili na unaviunganisha kwa OR.

Kinyota kinasema malizia vyovyote, `injur*` inaleta injury na injuries. Kwenye PubMed lazima kiwe na herufi nne au zaidi mbele yake. Na jambo moja ambalo watu hawalijui, ukiweka kinyota au ukifunga semi, PubMed inaacha ile kazi yake ya kukutafsiria neno. Ukiandika `bed sores` tupu bila chochote, yenyewe inakuongezea lebo ya Pressure Ulcer kimyakimya, unaweza kuliona hilo ukienda Advanced ukabonyeza kimshale cha Details kwenye mstari wako. Ukifunga semi inakuachia ulivyoandika. Kwa hiyo ukiamua kuandika mwenyewe kwa mikono, visawe vyote uviandike wewe.

Kundi la pili, kugeuza. Hapa ndo tulikaa karibu saa nzima.

Akaandika `turn*` nikamwambia bonyeza, tuone. Akaunganisha na kundi la kwanza, tukafungua matokeo, na kwenye ukurasa wa kwanza tu tukakutana na makala za wauguzi kuacha kazi. Akaniangalia. `Turnover`! Wauguzi kuhama hospitali, kwenye Kiingereza cha utafiti ni nurse turnover, na kinyota kimelibeba. Sasa kawaida neno baya kwenye kundi moja linasafishwa na kundi la pili. Kwa mfano `reposition*` inaleta zile tafiti za dawa, za kuchukua dawa ya zamani na kuitafutia ugonjwa mpya, wanaiita drug repositioning, lakini ukishaweka AND na vidonda vya mgandamizo hizo zinapukutika zenyewe kwa sababu hakuna anayezungumzia vitu hivyo viwili pamoja. AND inakupepetea. Ila turnover haikupepetwa, na sababu ni kwamba wanaotafiti wauguzi kuacha kazi wanapima ubora wa wodi kwa kuhesabu, pamoja na vingine, vidonda vya mgandamizo. Makapi yalikuwa yamo kwenye makundi yote mawili.

Na ndo sababu kwenye lile kundi la kwanza niliandika `"decubitus ulcer*"` na sio `decubitus` peke yake. Mtu yeyote aliyepita chumba cha upasuaji analijua lile neno, lateral decubitus, mgonjwa kulazwa ubavu. Neno hilo maana yake ya asili ni kulala tu. Ukiliweka peke yake kwenye kundi la vidonda halafu ukaunganisha na kundi la mikao ya mgonjwa, unajaza skrini kwa makala za ganzi na upasuaji wa nyonga, na zote zimetimiza masharti yako vizuri kabisa. Kwa hiyo kila neno kabla hujaliingiza jiulize lina maana gani nyingine, halafu jiulize hiyo maana nyingine inakutana na kundi la pili au haikutani. Kama haikutani liache, halina madhara.

Tukaacha `turn*` tukaandika hivi:

```
"Patient Positioning"[Mesh] OR "Moving and Lifting Patients"[Mesh] OR reposition*[tiab] OR "patient turning"[tiab:~3] OR "patients turning"[tiab:~3] OR "turning schedule*"[tiab] OR "turning frequency"[tiab]
```

Ile `~3` ni ya ukaribu, PubMed waliileta mwishoni mwa 2022 na wengi bado hawaitumii. Inasema maneno haya mawili yawe jirani, katikati yasizidi maneno matatu, na lolote linaweza kutangulia. Kwa hiyo inakamata "turning of the patient" na "turning immobile patients" na pia "patients who required turning". Haikubali kinyota ndani yake, ndo maana tumeandika mara mbili, umoja na wingi.

Sasa kuunganisha. Usirundike kila kitu kwenye mstari mmoja mrefu ukaanza kuhesabu mabano. Nenda Advanced, tafuta kundi la kwanza peke yake, linakuwa #1 kwenye History. Tafuta la pili, linakuwa #2. Halafu andika hivi, na matokeo yake yanakuwa #3:

```
#1 AND #2
```

Kundi la vidonda peke yake linazidi makala 10,000 na mdogo wangu alipoiona namba alitaka kufunga laptopu. Ukiweka AND inashuka sana mpaka mamia ambayo mtu anaweza kuyapitia. Namba kubwa kwenye #1 ndo inavyotakiwa kuwa, nina wasiwasi zaidi mtu akiniambia #1 yake ina makala 300.

Kama unalazimika kuandika kwenye mstari mmoja basi mabano ni lazima, na nitakuonyesha kwa nini. PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika:

```
reposition* AND bedsore* OR "pressure ulcer"
```

inafanya kwanza reposition na bedsore, halafu inakuongezea kila makala ya pressure ulcer duniani, iwe inahusu kugeuza au mafuta ya kupaka au godoro. Unajua umefanya kosa hili ukiona matokeo ya AND yako ni mengi kama kundi lako kubwa. AND haiwezi kuongeza, ikiongeza kuna mabano yamekosekana. Kanzidata nyingine zina utaratibu wao tofauti wa nani aanze, kwa hiyo weka mabano popote na utakuwa salama kote.

NOT nilimkataza, na nitaeleza maana hii imewaponza wengi. Kwenye matokeo yetu ziliingia makala za wagonjwa waliolazwa kifudifudi ICU, hasa za kipindi cha korona, kwa Kiingereza prone positioning, na zina vidonda vya usoni. Sio swali lake. Akasema basi dada tuweke `NOT prone`. Ukiweka hivyo, zile za ICU zinaondoka kweli. Ila inaondoka pia kila makala iliyoandika kwamba wagonjwa hawa "are prone to pressure ulcers", wako kwenye hatari ya kupata vidonda, na hiyo ni sentensi ambayo inaandikwa sana kwenye mstari wa kwanza wa muhtasari wa mada yetu hii hii. Na inaondoka yoyote iliyolinganisha mikao minne ikataja prone kama mmojawapo. NOT haijui ulimaanisha nini. Tukajaribu `#3 NOT prone[tiab]` halafu tukageuza, `#3 AND prone[tiab]`, tuone kitakachotupwa, na kwenye rundo lile tukakuta za kwake kadhaa. Tukaiacha. Kupita makala thelathini za kifudifudi kwa macho ni dakika kumi tu.

Tukaja kwenye Tanzania. Anataka aandike kuhusu hapa, naelewa, mimi pia. Lakini ukiweka AND Tanzania kwenye makundi yale mawili unabaki na vichache mno na utaandika tena ile sentensi yangu ya hazipo. Tafuta dunia nzima kwanza. Halafu fanya mstari wa pembeni wa mahali:

```
Tanzania*[tiab] OR "Dar es Salaam"[tiab] OR "East Africa"[tiab] OR "sub-Saharan Africa"[tiab] OR "Africa South of the Sahara"[Mesh]
```

na huo uuunganishe na kundi la vidonda peke yake, bila kugeuza. Sababu yake, tafiti nyingi za huku zinapima ukubwa wa tatizo au uelewa wa wauguzi kuhusu kuzuia vidonda, na mambo ya kugeuza yamo ndani kwenye jedwali au kwenye majadiliano, muhtasari haukuyataja. Ukibana kote kote unazikosa. Kumbuka pia `[tiab]` haisomi anwani ya mwandishi, makala inaweza kuwa imefanyika Muhimbili ikasema tu "a tertiary hospital".

Vibonyezo vya pembeni navyo, zile filta. Ya umri, Adult, inategemea lebo za MeSH, kwa hiyo ukiibonyeza zile makala zisizo na lebo zinatoka hata kama ni za watu wazima, na tumeshaona ni za nani. Ya Free full text alikuwa ameshaibonyeza tangu mwanzo. Nikamwambia iondoe. Tafuta kila kitu kwanza, kupata makala nzima ni kazi ya baadaye: kuna PubMed Central, kuna Hinari ya Shirika la Afya Duniani ambayo chuo kikijisajili mkutubi anakupa namna ya kuingia, na kuna kumwandikia mwandishi barua pepe, ambao wengi wanajibu. Ya miaka mitano au kumi ambayo msimamizi anaitaka, hiyo iweke mwisho kabisa, na iandikwe kwenye kazi kwamba uliiweka.

Kitu ambacho ningekijua mwanzo kisingenikuta kile cha siku ya kutetea ni kujipima. Kabla hujauamini mstari wako, tafuta kwa njia nyingine makala tano au sita ambazo una uhakika ni za mada yako. Sisi tulizitoa kwenye orodha ya marejeo ya yale mapitio ya Cochrane na nyingine mbili alipewa na mwalimu wake. Kila makala ya PubMed ina namba yake chini ya kichwa, PMID. Unaziandika namba hizo ukiziunganisha kwa OR, tuseme zinakuwa #5, halafu:

```
#5 NOT #3
```

Hapa ndipo mahali pekee ninapoipenda NOT. Inakuonyesha zile ambazo mstari wako umezikosa. Ikirudi sifuri vizuri. Kwetu ilirudi moja. Tukaifungua, tukausoma muhtasari polepole kidole kwenye skrini, na kumbe mwandishi hakusema kugeuza wala kubadili mkao popote, alisema `tilt`, mgonjwa anainamishwa kidogo upande kwa nyuzi 30 badala ya kulazwa ubavu kamili. Ni njia inayojulikana kabisa na hatukuifikiria. Tukaongeza `tilt*[tiab]` kwenye kundi la pili, tukarudia kipimo, sifuri. Na `tilt*` ilileta nyingine kadhaa mpya ambazo hatukuwa nazo. Hivyo ndo unavyopata neno usilolijua, inakuonyesha makala uliyoikosa. Mapitio ya Cochrane yenyewe yanaweka mistari yao ya kutafutia kwenye viambatisho mwishoni, nenda kaisome uone waliwaza maneno gani.

Kuna mipaka yake. Makala za zamani nyingine hazina muhtasari kwenye PubMed, kuna kichwa tu, kwa hiyo zinakamatwa kwa lebo au hazikamatwi. Ndo maana baada ya kutafuta bado unapitia orodha za marejeo za makala zako nzuri kwa mkono.

CINAHL, kama chuo chenu kinailipia, ndiyo kanzidata ya uuguzi hasa na ina majarida ambayo PubMed haina. Ila usichukue mstari wa PubMed ukaupesti kule, `[tiab]` kule haijulikani na orodha yao ya istilahi ni nyingine, uitafute humo humo. Maneno yenyewe ni yale yale, unabadilisha mavazi tu:

```
TI ( (turn OR turning OR turned OR reposition*) N3 patient* ) OR AB ( (turn OR turning OR turned OR reposition*) N3 patient* )
```

N3 ni ule ukaribu, na kule unakubali kinyota. Angalia tumeandika turn, turning, turned kirefu badala ya `turn*`, kwa sababu kuna patient turnover pia.

AJOL, ile ya majarida ya Afrika, kisanduku chake hakiwezi mistari mirefu, kule unaandika `pressure ulcer`, unapitia, halafu `bedsore`, unapitia, halafu `pressure injury`, neno moja moja, na ni kazi inayolipa. Google Scholar nayo inakata ukizidi herufi 256 na haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema ina laki, kwa hiyo iwe ya mwisho, ya kuokotea.

Jua lilikuwa limeshahamia kwenye benchi letu tulipofika hapo. Kabla hajafunga nilimwambia afungue akaunti ya My NCBI aihifadhi ile mistari, kwa sababu History ya PubMed inafutika ukikaa saa nane bila kuigusa na wiki ijayo msimamizi akiuliza ulitafutaje huna cha kumwonyesha. Halafu kwenye daftari akaandika tarehe, jina la kanzidata, mstari wenyewe neno kwa neno, na idadi iliyotoka, mstari mmoja kwa kila kanzidata. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye sura ya mbinu na kwenye ule mchoro wa PRISMA.

Jioni alinitumia ujumbe akiwa kwenye mwendokasi, amesimama, amesoma vichwa arobaini na ameshaweka pembeni kumi na moja. Aliuliza kuhusu moja ya walemavu wa uti wa mgongo wanaojigeuza wenyewe nyumbani, inaingia au haiingii? Nikamwambia swali lako linasema wodini, iandike kwenye zilizotoka na sababu yake mbele.